Nani Alivunja Kufuli? Uhariri wa Rasimu na Kauli ya Kutendwa katika Nathari ya Kiswahili

1. Utangulizi

Mlinzi wa ghala anapoandika taarifa ya wizi wa usiku, Kiswahili kinampa njia tatu za kulieleza tukio moja. Anaweza kuandika: "Kijana mmoja alivunja kufuli." Anaweza kuandika: "Kufuli lilivunjwa." Na anaweza kuandika: "Kufuli lilivunjika." Sentensi ya kwanza inamtaja mtenda. Ya pili inamficha, lakini inakiri kwamba yupo, na msomaji ana haki ya kuuliza: na nani? Ya tatu haikiri hata hilo. Kufuli limevunjika kama tawi kavu linavyovunjika, na swali la "na nani" halina pa kushika, kwa kuwa sarufi ya kauli ya kutendeka haimpi mtenda nafasi. Taarifa ya kwanza inashtaki, ya pili inaanzisha upelelezi, na ya tatu inafunga jalada.

Tofauti hii ya viambishi viwili, -w- na -ik-, ndiyo kiini cha mhadhara huu. Mwalimu wa utunzi anapomwambia mwanafunzi apunguze maneno katika rasimu yake na aepuke kauli ya kutendwa, mara nyingi hurudia kanuni iliyozaliwa katika lugha nyingine, kwa sababu za lugha hiyo. Inafaa kwanza kufuatilia kanuni hiyo ilikotoka na jinsi ilivyoifikia nathari ya Kiswahili. Baada ya hapo itapimwa juu ya aya moja, ili ionekane ni wapi inafaa na ni wapi inaharibu.

2. Kanuni ilikozaliwa

Mwaka 1918 William Strunk, mwalimu wa Kiingereza katika Chuo Kikuu cha Cornell nchini Marekani, alichapisha kijitabu kwa ajili ya wanafunzi wake. Miongoni mwa kanuni zake zilikuwamo mbili zilizokuja kujulikana kuliko nyingine zote: kufuta maneno yasiyo na kazi, na kupendelea kauli ya kutenda. Mwaka 1959 E. B. White, aliyewahi kuwa mwanafunzi wake, alikihariri upya kijitabu hicho na kukiongezea sura, na tangu hapo kikaenea katika vyuo vingi. Kabla ya toleo hilo, mwaka 1946, George Orwell alikuwa amechapisha insha kuhusu siasa na lugha ya Kiingereza. Alitoa kanuni sita, mojawapo ikiwa ni kutotumia kauli ya kutendwa pale ambapo ya kutenda inawezekana. Ya sita iliruhusu kuvunja zote tano za mwanzo kuliko kuandika jambo la kishenzi, na ruhusa hiyo husahauliwa na wengi wanaozinukuu zile tano.

Kwa historia ya Kiswahili, mtu wa tatu ana uzito zaidi. Mwaka 1948 Sir Ernest Gowers, mtumishi wa serikali wa miaka mingi, aliandika kitabu kwa ombi la Hazina ya Uingereza ili kuwafundisha maofisa kuandika kwa maneno ya kawaida. Kitabu cha pili kilifuata mwaka 1951, na mwaka 1954 viwili hivyo viliunganishwa kuwa kimoja. Ugonjwa alioutibu Gowers ulikuwa wa ofisini: nomino dhahania zilizopangwa foleni, vitenzi vilivyokonda, na barua ambayo mwananchi aliisoma mara tatu bila kujua kama ombi lake limekubaliwa au limekataliwa. Kiingereza hicho ndicho kilichokuwa lugha ya majalada ya utawala wa Kiingereza, na Tanganyika ilikuwa chini ya utawala huo hadi mwaka 1961.

3. Wahariri wa mwanzo na usahihi wa umbo

Afrika Mashariki nayo ilikuwa na wahariri wake katika miaka hiyo, lakini hawakushughulika sana na urefu wa sentensi. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika Mashariki ilianza kazi mwaka 1930, katibu wake wa kwanza akiwa Frederick Johnson. Sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kusoma miswada ya vitabu vya shule na kuidhinisha lugha yake kabla ya kuchapishwa.

Msomaji wa Kamati alitazama tahajia, mgawanyo wa maneno, upatanisho wa ngeli na msamiati. Hayo yalikuwa mambo ya lazima kwa lugha iliyokuwa ikiandikwa kwa namna nyingi kutoka pwani hadi bara. Hata hivyo, yalijenga mazoea ambayo hayajaisha: mhariri wa Kiswahili ni mtu wa kurekebisha umbo la neno, na sentensi ikishakuwa sahihi kisarufi, kazi yake imekwisha. Sentensi ndefu isiyosema kitu ilipita salama, mradi ngeli zake zilipatana.

Kabla ya Kamati kulikuwa na nathari ya aina nyingine. Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa mwaka 1903 kwa mkono wa Carl Velten na kuandikwa kwa sehemu kubwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, na maisha ya Hamed bin Muhammed el Murjebi, maarufu kama Tippu Tip, ni mifano miwili inayojulikana. Nathari hiyo husukumwa na kitenzi. Mtenda akishatajwa hubebwa na kiambishi nafsi, na viambishi vya -ka- huunganisha tendo na tendo bila kuhitaji viunganishi vizito. Mwandishi anayetaka kielelezo cha ufupi katika Kiswahili hana haja ya kukitafuta Cornell.

4. Mwaka 1967 na lugha ya ofisi

Mwanzoni mwa mwaka 1967 Makamu wa Pili wa Rais wa Tanzania, Rashidi Kawawa, aliagiza kwamba shughuli za serikali ziendeshwe kwa Kiswahili. Mwaka huohuo sheria ya kuunda Baraza la Kiswahili la Taifa ilipitishwa. Maofisa na makarani ambao hadi jana yake waliandika majalada kwa Kiingereza walitakiwa kuyaandika kwa lugha waliyoijua vizuri kwa mdomo, lakini ambayo wengi wao hawakuwahi kuandikia waraka. Wakafanya kile ambacho mtu yeyote angefanya: walichukua waraka wa zamani na kuufasiri.

Tatizo la istilahi lilionekana mara moja na likapatiwa dawa. Baraza likatoa orodha za istilahi, na katika miaka ya 1970 vijitabu vya Tafsiri Sanifu vilianza kuwafikia watumiaji. Lakini orodha ya istilahi humpa karani nomino, haimpi sentensi. Muundo wa sentensi ya waraka uliendelea kuwa ule wa jalada la zamani, wenye nomino dhahania mahali pa vitenzi. Kiswahili kilikuwa na nyenzo ya kuzizalisha kwa wingi, yaani kiambishi u- mwanzoni na -aji mwishoni: utekelezaji, uwezeshaji, upatikanaji.

Neno la mwisho linastahili kutazamwa kwa karibu. Kitenzi "pata" kinamtaka mtu anayepata. "Patikana" kimekwisha kumwondoa mtu huyo. "Upatikanaji" kimeondoa na wakati wa tendo, kwa kuwa nomino haina njeo. Ofisa anayeandika "upatikanaji wa dawa" halazimiki kusema nani hapati dawa, tangu lini, wala nani alipaswa kuzileta. Nomino hii ina mahali pake, kwa mfano katika kichwa cha jedwali. Katika sentensi inayopaswa kueleza tukio, hulifuta tukio lenyewe.

Nomino ya namna hii haiwezi kusimama bila kitenzi, na kitenzi kilichopatikana kwa wepesi ni "kufanyika". Uchunguzi utafanyika, ukarabati umefanyika, zoezi la usajili lilifanyika. Hapa ndipo kanuni ya Kiingereza inapokosea shabaha. Mhariri aliyefundishwa kuwinda kauli ya kutendwa hupekua aya nzima akitafuta -w-, haikuti, na kuiruhusu aya ipite. Mtenda wakati huo amefichwa mara mbili, kwanza ndani ya nomino, kisha ndani ya -ik-.

5. Aya moja na mipito mitatu

Aya ifuatayo imetungwa kwa ajili ya mhadhara huu, kwa mtindo wa taarifa za kamati za shule. Ina maneno 68.

"Katika suala zima la upatikanaji wa maji katika shule hii, ni vyema ikafahamika kwamba zoezi la uchimbaji wa kisima lilifanyika katika kipindi cha mwaka 2003, ambapo kiasi fulani cha fedha kiliweza kutolewa kwa ajili ya kuwezesha kufanyika kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kutokana na sababu mbalimbali zilizokuwa nje ya uwezo, kazi hiyo haikuweza kukamilika kwa wakati uliokuwa umepangwa, hali iliyopelekea wanafunzi kuendelea kupata adha ya ukosefu wa maji."

Hakuna kosa la upatanisho hapa, na msomaji wa Kamati ya mwaka 1930 asingekuwa na mengi ya kuiambia. Mhariri wa leo ataipitia mara tatu, kila mara akiwa na swali moja tu, kwa sababu anayeuliza yote kwa pamoja huishia kubadili maneno kwa ladha yake.

Swali la kwanza ni hili: neno hili likiondolewa, msomaji anapoteza habari gani? "Katika suala zima la upatikanaji wa maji" halitoi habari, kwa kuwa maji yatatajwa mbele. "Ni vyema ikafahamika kwamba" ni kukohoa kabla ya kusema. "Katika kipindi cha mwaka 2003" ni mwaka 2003. Kitenzi "kuweza" kinahitaji uangalifu. Katika "mgonjwa aliweza kusimama" kinabeba maana, kwa kuwa msomaji anaelezwa kwamba palikuwa na shaka. Katika "fedha ziliweza kutolewa" hakibebi kitu. "Hali iliyopelekea" imechukua nafasi ambayo -ka- inaijaza kwa silabi moja. Yakiondolewa hayo, yanabaki maneno 43:

"Zoezi la uchimbaji wa kisima cha shule lilifanyika mwaka 2003, ambapo kiasi fulani cha fedha kilitolewa kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kutokana na sababu mbalimbali zilizokuwa nje ya uwezo, kazi hiyo haikukamilika kwa wakati, na wanafunzi wakaendelea kupata adha ya ukosefu wa maji."

"Hata hivyo" imebaki, kwa kuwa ina kazi: inaonyesha kwamba jambo la pili linapingana na matarajio ya la kwanza. Mhariri anayefuta viunganishi vyote kwa jina la ufupi humwachia msomaji kazi ya kuunga mantiki mwenyewe.

Swali la pili ni hili: kitenzi halisi kimejificha katika nomino gani? "Kupata adha ya ukosefu wa maji" ni kukosa maji. "Zoezi la uchimbaji lilifanyika" ni "kisima kilichimbwa". Na hapo jambo lisiloonekana mwanzoni linajitokeza. Kama kisima kilichimbwa mwaka 2003, kazi gani haikukamilika? Zoezi linaweza kufanyika bila kuisha, na neno hilo lilikuwa limeufunika mgongano kati ya sentensi mbili. Kitenzi kinapaswa kuwa "kilianza kuchimbwa":

"Kisima cha shule kilianza kuchimbwa mwaka 2003, na kiasi fulani cha fedha kilitolewa kwa kazi hiyo. Hata hivyo, kazi haikukamilika kwa wakati kwa sababu mbalimbali zilizokuwa nje ya uwezo, na wanafunzi wakaendelea kukosa maji."

Yamebaki maneno 34, nusu kamili ya rasimu. Wahariri wengi huishia hapa na kuridhika. Lakini aya bado haisemi kitu, na sasa ufupi wake unalionyesha hilo waziwazi. Swali la tatu linafika mahali ambapo kalamu ya mhariri haina mamlaka: nani, kiasi gani, kwa nini? Fedha zilitolewa na nani? "Kiasi fulani" ni kiasi gani? "Sababu mbalimbali" ni zipi? "Nje ya uwezo" wa nani?

Mhariri hawezi kuyajibu maswali haya kutoka kichwani mwake. Anayaandika pembeni mwa karatasi na kumrudishia mwandishi. Tuseme mwandishi amejibu kwamba wazazi walichanga shilingi 900,000, kwamba mafundi walikuta mwamba walipofika mita 18, na kwamba kamati ya shule haikuwa na fedha za mashine. Aya inakuwa hivi:

"Mwaka 2003 wazazi walichanga shilingi 900,000 za kuchimba kisima cha shule. Mafundi walipofika mita 18 walikuta mwamba, na kamati ya shule haikuwa na fedha za kukodi mashine ya kuupasua. Kazi ikasimama, na wanafunzi wakaendelea kukosa maji."

Maneno sasa ni 36. Aya imeongezeka kwa maneno mawili, na imekuwa bora kuliko ile ya maneno 34. Hesabu ya maneno ni kipimo cha mpito wa kwanza tu. Kipimo cha mpito wa tatu ni kama mzazi aliyechanga fedha ataisoma taarifa na kujua zilikokwenda. Katika rasimu mzazi huyo hakuwamo kabisa, wala mwamba haukuwamo.

6. Pale -w- inapostahili kubaki

Ikiwa kanuni ya kuepuka kauli ya kutendwa itatumiwa bila kuchagua, itaharibu Kiswahili kizuri. Mazingira matatu yanatosha kuonyesha hilo.

La kwanza ni pale mtu anapopatwa na jambo. "Amina amefiwa na baba", "tumenyeshewa na mvua", "chumba kimeingiwa na nyoka". Hapa kauli ya kutendwa humweka aliyeathirika mbele ya sentensi, kwa sababu habari ni yake. Mhariri akiigeuza ya kwanza kuwa "Baba amemfia Amina" anapata sentensi inayokubalika kisarufi, lakini aliyefiwa amesukumwa pembeni katika habari ya msiba wake. Hakuna kilichofichwa katika sentensi ya awali: mtenda, au tuseme chanzo, ametajwa kwa "na".

La pili ni mtiririko wa masimulizi. "Msafara ulifika mtoni, ukazuiwa na mafuriko, ukakaa siku 3, ukavuka." Vitenzi vinne vina kiima kimoja, na msomaji hapotezi njia. Akija mhariri na kuandika "mafuriko yakauzuia", kiima kinabadilika katikati ya safari, kisha kinarudi. Kauli ya kutendwa hapa ndiyo inayoshikilia uzi.

La tatu ni pale mtenda hajulikani au hana umuhimu. "Mji huu ulijengwa kwa mawe ya matumbawe" haihitaji majina ya waashi. Hata taarifa ya mlinzi yenye "kufuli lilivunjwa" ni sentensi ya uaminifu, ikiwa mlinzi hakumwona mtu. Angeandika "kijana mmoja alivunja kufuli" ili kumridhisha mwalimu wa utunzi, angekuwa amesingizia. Kosa lingekuwa kuandika "kufuli lilivunjika" huku akijua kwamba lilikatwa kwa msumeno.

Kwa hiyo mhariri wa Kiswahili hahitaji kuhesabu viambishi. Anapokutana na -w-, anauliza "na nani?", na kama jibu linajulikana na lina uzito, analidai. Anapokutana na -ik-, hasa katika "kufanyika", "kupatikana" na "kuonekana", anauliza swali lililotangulia hilo: je, jambo hili lilitokea lenyewe? Mti huanguka na kamba hukatika. Uchunguzi haujifanyi, na fedha hazijitoi sandukuni.

7. Hitimisho

Kanuni za Strunk, Orwell na Gowers zilikuwa majibu kwa maradhi ya Kiingereza, na maradhi hayo yaliingia katika Kiswahili cha ofisi kwa njia ya tafsiri, pasipo dawa yake. Wahariri wa Kamati walikuwa wamefundisha usahihi wa umbo, na usahihi huo haukuweza kuyatambua. Tangu mwaka 2021, sheria za Tanzania zilipobadilishwa ili Kiswahili kiwe lugha ya mahakama, suala hili limeacha kuwa la darasa la utunzi pekee. Hukumu inayosema kwamba malipo "hayakufanyika" inamwacha mdai bila mdaiwa. Mwanafunzi anayeipitia rasimu yake leo, akafuta "suala zima" na "ni vyema ikafahamika", amefanya sehemu iliyo nyepesi. Sehemu nzito inaanza anapofika kwenye kitenzi kisicho na mtu na kujiuliza kama alimsahau mtu huyo, kama hamjui, au kama alikuwa anaogopa kumtaja.